Kabla hujamwandikia fundi apunguze bei ya madawati, funga vipimo kwanza

"Wakuu, shule yetu ya msingi (binafsi) inahitaji madawati 240 ya wanafunzi wawili wawili, fremu ya chuma na mbao juu. Fundi kaleta profoma ya sh. 95,000 kwa dawati, jumla milioni 22.8. Kamati ya wazazi inataka nimwandikie barua ashuke hadi 70,000. Mchoro wetu unasema urefu sentimita 125. Naomba mfano wa barua ya kushawishi. Iandikwe Kiswahili au Kiingereza? Nani asaini? Na nimpe siku ngapi za kujibu?"

Mkuu, usiitume hiyo barua. Kama umeshaichapa, iache mezani hadi umalize kusoma hapa.

Shida si kwamba fundi atakataa 70,000. Shida ni kwamba atakubali. Atakubali siku hiyo hiyo, kwa tabasamu, na kamati itakupigia makofi. Madawati yataletwa yamepakwa rangi inayong'aa, yatapigwa picha na mgeni rasmi, na kufikia muhula wa pili utaanza kuona mabenchi yanayocheza na watoto wanaorudi nyumbani na sketi zilizochanwa na kona ya chuma iliyoachia. Nimekagua madawati ya namna hiyo shule baada ya shule, na karibu kila mara faili lina barua ileile: aya mbili za kusifia kazi ya fundi, aya moja ya kueleza hali ngumu ya wazazi, halafu "tunaomba utupunguzie hadi shilingi kadhaa". Hakuna hata mstari mmoja unaosema dawati lenyewe ni kitu gani.

Barua ya namna hiyo haipunguzi bei. Inampa fundi ruhusa ya maandishi kupunguza dawati.

Tuipige hesabu ya dawati lako, maana bila hesabu tutabaki kubishana. Bei hutofautiana mkoa kwa mkoa, kwa hiyo chukua hizi kama mfano, kisha weka za kwenu. Fremu ya dawati la wawili la skwea paipu ya inchi moja kwa moja hula kama mita 5.6 kwa zile pande mbili za kushoto na kulia, na vyuma vinne vya kukatisha vyenye urefu wa dawati. Kwa sentimita 125 hiyo ni mita 5 nyingine, jumla mita 10.6. Kwa madawati 240, ukiongeza vipande vinavyopotea kwenye kukata, unahitaji mabomba 440 hivi ya mita 6. Bomba likiwa sh. 18,000, chuma cha dawati moja ni 33,000. Mbao tuseme 22,500, na hiyo nitairudia kwa sababu ndani yake kuna pesa yenu inayotupwa. Bolti, fimbo za kuchomelea, mawe ya kukatia, rangi na vifuniko vya miguu, 8,000. Ufundi 13,000. Usafiri 4,500. Jumla 81,000. Kinachobaki hadi 95,000 ni 14,000, na humo fundi analipa umeme, kodi ya karakana, mashine zinazoharibika, na anakula.

Sasa kamati inataka 70,000, yaani 11,000 chini ya gharama yake. Akikubali, hizo 25,000 zitatoka wapi?

Zitatoka kwanza kwenye unene wa bomba. Skwea paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita 1.5 na ile ya milimita 1.0 zinafanana kabisa kwa nje, hasa zikishapakwa rangi. Lakini bomba la mita 6 la 1.5 lina uzito wa kama kilo 6.4, na la 1.0 lina kama kilo 4.4. Chuma huuzwa kwa uzito wake, kwa hiyo bomba jembamba litapatikana kwa kama 12,400, na hapo fundi ameokoa zaidi ya 10,000 kwa kila dawati bila wewe kuona chochote. Kisha mbao: anachukua zilizochanwa nyembamba au zilizotoka msituni juzi, anaokoa 5,500. Badala ya bolti na nati anapiga skrubu za kujitoboa, na rangi ya kuzuia kutu anairuka, 3,500. Kwenye kuchomelea anagusa pembe mbili badala ya kuzungusha kiungo kizima, na hasagi, 3,000. Jumlisha: 22,300. Kutoka mfukoni kwake ametoa 2,700 tu. Mmeshangilia punguzo la 25,000, na karibu lote limechomolewa ndani ya dawati.

Simlaumu sana fundi hapa. Anayenikera ni yule anayezunguka kwenye kamati za shule akijiita mtaalamu wa manunuzi, anayefundisha watu "taja bei ya chini kabisa, yeye atataja ya juu, mtakutana katikati". Hiyo inafaa ukinunua shati lililokwisha kushonwa, unalishika, unalivuta, unaliona. Dawati unalolinunua kwa barua halipo bado. Kila shilingi unayoikata kabla halijatengenezwa inageuka kuwa maamuzi ya karakana usiku, wewe ukiwa umelala. Na wale wanaogawa barua za mfano zenye nafasi ya kujaza jina na bei peke yake wanastahili lawama hiyo hiyo, kwa sababu barua zao zinapita shule hadi shule na hakuna mahali pa kujaza unene wa chuma.

Kwa nini unene ni jambo kubwa kiasi hiki? Bomba la 1.0 lina kama theluthi mbili tu ya ukakamavu wa la 1.5. Lakini ubaya wake mkubwa uko kwenye kuchomelea. Chuma chembamba hutoboka kwa moto, kwa hiyo mchomeleaji hupunguza moto ili asitoboe, na moto ukiwa mdogo chuma cha fimbo hukaa juu kama uji uliomwagika bila kuzama kwenye bomba. Kiungo kinaonekana kimejaa, kumbe hakijashika. Mtoto hakai tu kwenye dawati. Anaegemea nyuma, anasukuma kwa miguu, wenzake wanapanda juu kufungua dirisha. Nguvu yote hiyo hukusanyika pale chuma cha benchi kinapoungana na mguu. Dalili ya kwanza ni dawati kucheza ukilisukuma kwa mkono. Ya pili ni mstari mwembamba wa rangi ya kutu kando ya kiungo, si juu ya kiungo chenyewe. Ukiuona huo, bomba limeshapasuka, na kuchomelea tena juu yake kunaongeza udhaifu pembeni.

Na usiandike "geji 16" kwenye barua ukadhani umemaliza. Geji huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, chuma kinapungua. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 18 ni kama 1.2, geji 20 ni kama 0.9. Madukani jina la geji hutumiwa kiholela, na bomba linaloitwa geji 18 unaweza kulipima ukakuta 1.0. Andika milimita, na andika uzito. Uzito haubishaniwi. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia inatosha.

Mbao nazo usiziseme kwa neno moja la "mbao ngumu". Kwa bei hii unapata paini au mkaratusi, na paini iliyokauka vizuri inafaa kabisa. Kinachoua ni unyevu. Ubao mpana wa inchi nane ukipigwa ungali mbichi husinyaa kwa upana nusu sentimita au zaidi ukikauka darasani. Meza inapata nyufa za kupitisha kalamu, na bolti zinalegea kwa sababu ubao umekonda chini ya kichwa cha bolti. Watu wanasema fundi hakukaza nati. Alikaza, ubao ndio uliokimbia. Dai unyevu usiozidi asilimia 15. Kama hamna kipimo cha umeme, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, pima uzito kwa mizani ya gramu, kikaushe kwenye joko la mkate kwa joto la nyuzi 100 hivi hadi uzito usipungue tena, kisha pima upya. Toa uzito wa pili kwenye wa kwanza, gawanya kwa uzito wa pili, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 130 kilichoshuka hadi 100 kina unyevu wa asilimia 30. Hizo mbao zirudi zikapangwe zikauke.

Sasa, bei inashuka wapi kihalali? Inashuka pale ambapo wewe mwenyewe unamwongezea fundi gharama bila kujua, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuiondoa.

Anza na hizo sentimita 125 za mchoro wenu. Mbao za soko letu ni za futi 12, yaani kama sentimita 366. Kwa 125, ubao mmoja unatoa vipande viwili tu na kubakiza sentimita 116 zisizofika. Dawati lenu linahitaji vipande vitano vya upana wa inchi nane: viwili vya meza, kimoja cha rafu ya vitabu, kimoja cha benchi, kimoja cha mgongo. Madawati 240 yanakula mbao 600. Punguza urefu hadi sentimita 115. Ubao unatoa vipande vitatu, zinabaki sentimita 21 za kukata ncha zilizopasuka, na mbao zinazohitajika zinakuwa 400. Ubao ukiwa sh. 9,000, mmeokoa milioni 1.8, ambayo ni 7,500 kwa kila dawati, na mtoto bado ana zaidi ya nusu mita ya kuandikia. Kwenye vyuma vinne vya kukatisha mnaokoa sentimita 40 kwa dawati, mabomba 16 kwa oda nzima, kama 1,200 kwa dawati. Sentimita 115 nimeichagua pia kwa sababu kuna mabomba yanayouzwa kama ya mita 6 kumbe ni 5.8. Kwa 115 unapata vyuma vitano kwenye bomba la aina yoyote kati ya hizo mbili.

Huo mchoro uliandikwa na mtu aliyependa namba ya 125. Umewagharimu 8,700 kwa dawati kabla hamjaanza hata kubishana na fundi.

La pili ni pesa ya kununulia chuma. Fundi wengi hawana mtaji wa mabomba 400 kwa mkupuo, kwa hiyo wananunua ishirini, wanachomelea, wanasubiri malipo, wananunua mengine kwa bei ya rejareja. Shule ikilipa moja kwa moja dukani kwa mzigo mzima, duka linashusha. Likishusha 1,500 kwa bomba, ni kama 2,600 kwa dawati. Na kuna faida kubwa kuliko hiyo: unene unaandikwa kwenye risiti ya EFD yenye jina la shule, na fundi hana tena sababu ya kutafuta bomba jembamba kwa kuwa hela ya bomba haipiti kwake.

La tatu ni usafiri. Dawati lililokamilika likipakiwa kwenye Fuso ni kusafirisha hewa. Fremu tupu huingiliana, mbao hupangwa kando, na bolti zinafungwa shuleni kwa siku mbili. Kwa umbali wa kawaida wa wilaya gharama inaweza kushuka nusu, tuseme 2,200. La nne, urefu wa dawati uwe mmoja kwa madarasa yote na tofauti iwe kwenye kimo peke yake: wadogo benchi sentimita 35 na meza 59, wakubwa benchi 38 na meza 64. Fundi anatengeneza jigi moja, yaani kiolezo cha kushikilia vyuma wakati wa kuchomelea, anabadili miguu tu, na ufundi unashuka kwa 1,500. Msikubali kimo kimoja kwa shule nzima, mtoto wa darasa la kwanza ataning'inia miguu.

Jumlisha: 8,700 na 2,600 na 2,200 na 1,500 ni 15,000. Bei mpya ni 80,000, jumla milioni 19.2, mmeokoa milioni 3.6, na faida ya fundi ya 14,000 haijaguswa. Hapo ndipo kikomo cha dawati hili kwa bei za mfano huu. Kamati ikiendelea kung'ang'ania 70,000, wawe wanajua wanakula chuma.

Barua yenyewe ndiyo hii. Badilisha namba, usifute vipimo.

Kumb. Na. ………
Tarehe ………

Mkurugenzi,
Karakana ya ………
S.L.P. ………

YAH: MAREKEBISHO YA VIPIMO NA BEI YA MADAWATI 240

Husika na somo tajwa hapo juu na profoma yako ya tarehe ………

Tumepitia profoma yako ya sh. 95,000 kwa dawati. Hatuombi upunguze ubora wala malipo ya ufundi wako. Tumebadilisha mambo manne upande wetu ambayo tunaamini yanapunguza gharama yako, na tunaomba uandae bei mpya kwa kuyazingatia.

Kwanza, urefu wa dawati umepunguzwa kutoka sentimita 125 hadi 115, ili ubao wa futi 12 utoe vipande vitatu badala ya viwili. Pili, shule italipa mabomba yote moja kwa moja kwa duka tutakalokubaliana, kabla ya kazi kuanza. Tatu, tutapokea fremu na mbao zikiwa hazijafungwa, na mafundi wako watazifunga shuleni. Nne, madawati yote yatakuwa ya urefu mmoja, 120 ya kimo cha chini na 120 ya kimo cha juu, kama mchoro ulioambatishwa unavyoonyesha.

Vipimo vifuatavyo havitabadilika kwa bei yoyote. Fremu ni skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5, bomba la mita 6 lisipungue kilo 6.2, na fremu moja kabla ya rangi isipungue kilo 10.5. Viungo vyote vichomelewe mzunguko mzima na kusagwa. Mbao ziwe na unene usiopungua milimita 20 baada ya kupigwa randa, unyevu usiozidi asilimia 15, na kingo zote ziviringwe. Mbao zifungwe kwa bolti za milimita 6 zenye kichwa cha mviringo, washa na nati, si skrubu wala misumari. Fremu ipakwe koti moja la rangi ya kuzuia kutu na mawili ya rangi ya mafuta. Ncha za miguu zizibwe kwa chuma kabla ya kuwekwa vifuniko vya plastiki.

Kwa kuzingatia hayo, makadirio yetu ni sh. 80,000 kwa dawati, jumla sh. 19,200,000, ikiwemo kodi zote na usafiri hadi shuleni. Mchanganuo wetu umeambatishwa. Kama kuna kipengele tumekikadiria chini ya bei halisi, tafadhali kitaje kwa jina na bei yake.

Malipo yatakuwa hivi: sh. 6,996,000 kwa duka la mabomba, sh. 3,600,000 mbao zikishafika karakana na kupimwa unyevu, sh. 4,000,000 fremu zikishakaguliwa kabla ya kupakwa rangi, sh. 3,644,000 madawati yakishafungwa shuleni na kupokelewa, na sh. 960,000 baada ya miezi mitatu ya matumizi, endapo hakuna kiungo kilichoachia.

Kabla ya kuanza oda tunaomba dawati moja la mfano kwa kila kimo. Yakikubaliwa yatasainiwa na pande zote mbili na kubaki shuleni kama kipimo cha yale mengine.

Wako,
………
Mwenyekiti wa Kamati

Angalia namna barua ilivyokaa. Haijalia umaskini wa wazazi. Fundi anasikia kilio hicho kila siku na hakimpunguzii bei ya bomba. Inamwonyesha gharama zilizoondoka, kwa hiyo akitaka kukataa 80,000 lazima ataje kitu kimoja na bei yake. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza. Akisema bolti zimepanda, mnazungumzia bolti. Akisema tu "haiwezekani, niongezee kidogo", hajafanya hesabu, na mtu asiyefanya hesabu ya madawati 240 usimkabidhi milioni kumi na tisa.

Kuna majibu mawili ya kuogopa. La kwanza ni fundi kukubali 80,000 haraka halafu kuomba mabomba anunue mwenyewe "kwa sababu ana duka lake". Kataa. La pili ni kukubali kila kitu isipokuwa ukaguzi kabla ya rangi, akisema utamchelewesha. Huo ukaguzi ndio roho ya barua nzima. Rangi ikishapakwa huoni kiungo kilichoguswa pembe mbili, huoni sehemu zilizotoboka zikajazwa. Nenda na mizani, chagua fremu kumi wewe mwenyewe kutoka chini ya rundo, si zile alizoziegemeza mlangoni. Fremu hii ina mita 10.2 za bomba, kwa hiyo ya 1.5 itasoma karibu kilo 10.8. Ikisoma 9, mmewekewa 1.2. Ikisoma 7.5, mabomba yenu ya 1.5 yameuzwa na mmeletewa ya 1.0. Ndiyo maana kulipa dukani peke yake hakutoshi. Kisha chukua fremu moja, ilaze, ikanyage kwenye chuma cha benchi na uivute kwenye mguu kwa nguvu zako zote. Kiungo kizuri kitapinda bomba kabla hakijaachia.

Ncha za miguu nimeziweka kwenye barua kwa makusudi, watu wengi huziacha. Darasa linapigwa deki kila siku. Maji yanaingia chini ya kifuniko cha plastiki, yanapanda ndani ya bomba lililo wazi ambako hakuna rangi, na mguu unaoza kutoka ndani huku nje ukionekana mzima. Kipande cha chuma cha ukubwa wa sarafu kinazuia hilo.

Kingine cha kuuliza mapema: ile 95,000 ya kwenye profoma ilikuwa na VAT ndani au nje? Ikiwa nje, asilimia 18 juu ya 80,000 ni 14,400, karibu punguzo lote mlilolipigania. Ndiyo maana nimeandika "ikiwemo kodi zote". Usiondoe hayo maneno. Na kama kuna hela ya serikali ndani ya mradi huu, simama, barua hii si njia yako. Ununuzi huo unapita kwenye mfumo wa NeST na mazungumzo ya bei yana utaratibu wake huko. Nimeandika nikichukulia ni michango ya wazazi wa shule binafsi kama ulivyosema.

Asaini mwenyekiti, na mhasibu aweke sahihi kwenye mchanganuo.

Kabla ya kuituma, pita karakana kwa fundi ukiwa na futi ya chuma, pima urefu wa mabomba yaliyopo sakafuni na urefu wa mbao zake, halafu weka hapa vipimo ulivyopata pamoja na picha ya mchoro. Kama mbao anazotumia ni za futi 14, sentimita 115 inaweza isiwe namba yenu na itabidi tukate upya.